Mungu Apishe Mbali

Nilipokuwa mtoto kule Newala, Waingereza wakiwa bado wanatutawala, neno kafara halikutamkwa karibu na mwanamke mjamzito. Bibi yangu alisema likitamkwa, linaondoka na roho. Mama alikuwa na mimba, na kabla ya hiyo alikuwa amezika watoto wawili. Kwa hiyo nyumbani tulichunga maneno kuliko tulivyochunga maji.

Mama alipeleka mayai kwa Mama Parvini, Mwajemi mwenye duka la vitambaa, akaona blanketi la mtoto, jeupe, la sufu. Akalisifia tu. Asubuhi yake mtumishi akalileta pamoja na kikaratasi. Mama hakujua kusoma, nikamsomea mimi: "Halina thamani mbele yako. Niwe kafara yako."

Bibi alidondosha kinu cha tumbaku.

"Mungu apishe mbali! Lirudishwe!"

"Mama, atanuna," mama akasema, mkono ukiwa juu ya sufu ile. Kwetu anayekataa zawadi amemtukana aliyeitoa.

"Anune! Wewe unataka kuzika tena?"

Mama akaniambia niandike: "Mungu apishe mbali. Asante, usijisumbue." Jioni blanketi likarudi na kikaratasi kingine: "Nyumba ni yako. Ukikataa nitaumia." Tukalirudisha tena, kwa maneno yale yale. Mama hakula usiku ule. Alihofia amepoteza rafiki.

Kesho yake Mama Parvini akaja mwenyewe. Bibi akasimama mlangoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nani anakufa?"

"Hafi mtu!" Akacheka hadi akakaa chini. "Mama Agnesi, nani amekufundisha taarofu? Binti zangu wenyewe hawaiwezi."

Akatueleza polepole kwamba hiyo ni adabu ya kwao. Kwao ukisifu kitu, mwenyewe lazima akupe, hata kama anakipenda. Nawe lazima ukatae, ili umpe nafasi ya kubaki nacho. Akirudia, unakataa tena. Asipokoma baada ya hapo, ndipo anataka kweli. Na "niwe kafara yako" ni neno la kufungia barua, kama sisi tunavyosema "wako akupendaye". Jibu lake ni lile lile tulilomwandikia: Mungu apishe mbali.

"Sasa nimekuja kwa miguu yangu. Naapa si taarofu. Chukua."

Mama akapokea kwa mikono miwili. "Asante. Mkono wako usiume," akasema, kama Mama Parvini alivyomfundisha papo hapo kushukuru kwa adabu yao.

"Na kichwa chako kisiume!"

"Mnaumwa nini nyie?" Bibi akauliza.

Mdogo wangu alizaliwa mzima, na mpaka leo ni mzima. Bibi alishikilia kwamba aliyemwokoa ni yeye. Sikumbishia, na sasa naona Mungu anaweza kuitumia hata hofu ya mwanamke mzee ikafika mahali pa adabu.

Mwaka huu tumemzika mama. Watu walikuja kutwa, mmoja mmoja: "Pole, Agnesi." Nami nikajibu, "Nimeshapoa." Sikuwa nimepoa, na wao walijua. Lakini nilikuwa na la kujibu, nao wakapata mahali pa kukaa.