Yah: Kukaa na Mashine

Kuna kipindi niliamini, na ningeapa hata mbele ya askofu, kwamba tiki mbili za bluu kwenye ujumbe wa simu ni sahihi kamili, sawasawa na dole gumba kwenye wino. Habari hizo nilizipata pale nilipokuwa naosha magari, Majengo. Tuliambiwa kuna mtu wa Kwa Sadala aliandikiwa "nakuuzia ng'ombe", akafungua tu ujumbe kutazama, tiki zikageuka bluu, na kesho yake akaamka akakuta ng'ombe kafungwa mlangoni na bei anadaiwa. Basi mimi kwa miezi mingi nilikuwa nafungua ujumbe kwa jicho moja, nikiogopa kununua ng'ombe.

Wakati huo nilikuwa nimetoka kumaliza kidato cha nne cha masomo ya jioni, nikiwa na miaka thelathini na minne na upara unaochungulia. Kwa elimu ile nilijiona nimebakiza hatua mbili kuwa waziri. Kuosha magari kukaanza kunichosha, tena maji ya asubuhi yalikuwa yakiniamshia pumu.

Mchele wangu nilikuwa nanunua kwa mama mmoja mwenye duka la mchele pale pale Majengo, mwenyeji wa milimani, mtu wa maneno machache na macho makali. Siku moja nikampa shikamoo kama kawaida, akaitika, kisha akasema, "Nasikia umemaliza shule."

"Nimemaliza mama. Hesabu nimepata C."

"Nataka mtu wa kukaa na mashine. Aliyekuwepo ameoa huko Rombo, harudi. Laki mbili na nusu kwa mwezi, chakula cha mchana juu yangu. Uanze mwezi ukianza. Unaweza?"

Alipotamka "mashine" alinyoosha kidevu. Mimi nikafuata kidevu kile, na mbele yake, juu ya meza, ilikuwepo mashine ya kutolea risiti. Moyo uliruka mpaka kofia ikasogea. Nikajiona nimekaa kwenye kiti chenye mto, natoa risiti, trrr, trrr, watu wananiita karani.

"Mama, mashine nitaikalia kama kuku anavyokalia mayai!"

Akanitazama kidogo. "Usiikalie. Ikae tu isizimike."

Mwalimu wetu wa jioni alitufundisha kwamba makubaliano ya mdomo lazima uyafuatishie maandishi, uandike mshahara, kazi na siku ya kuanza. Hilo nililishika vizuri. Tatizo ni kwamba nililishika pamoja na vichwa vyote vya barua rasmi. Nikamwandikia mama wa watu ujumbe mrefu kuliko barabara ya kwenda Marangu: "YAH: UTHIBITISHO WA AJIRA YA KUKAA NA MASHINE. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Rejea mazungumzo yetu ya leo asubuhi..." Halafu mshahara, chakula, tarehe mosi, na kazi nikaandika: "kutoa risiti na kutunza mashine yake dukani Majengo." Nikafunga kwa "Wako mtiifu".

Nikatuma. Nikakodolea simu. Baada ya dakika kumi, bluu! Zote mbili!

Nilipiga kelele mpaka mke wangu akatoka jikoni na mwiko. "Kuna nini?"

"Amesaini!"

"Amesaini wapi?"

"Hapa! Si unaona bluu?"

"Kajibu nini?"

"Ajibu nini tena wakati ameshasaini?"

Akarudi jikoni akitikisa kichwa. Mimi kesho yake nikaaga kazi. Wenzangu, walioniita Meku, yaani mzee kwa Kichaga, kwa ajili ya ule upara, wakanitania, "Meku, umekuwa karani, tusalimie huko kwenye feni!" Jioni ile ile bosi akamweka mtu mwingine kwenye ndoo yangu. Mlango wa nyuma ukafungwa, na mimi mwenyewe ndiye niliyeusukuma.

Tarehe mosi nikaingia dukani na shati jeupe na tai niliyoazima. Mama alikuwa anapima mchele. Akaniangalia kuanzia tai mpaka viatu, kibaba kikabaki hewani.

"Kuna msiba?"

"Hapana mama. Nimekuja kazini."

"Kazini? Mbona uko huku? Vijana wanakusubiri Mabogini tangu saa moja. Mpunga umejaa mpaka nje."

"Mabogini kuna nini?"

"Kuna mashine!"

Nikanyoosha kidole kwenye kile kisanduku mezani. "Mashine si hii?"

Akaangua kicheko mpaka mashavu yakatikisika. "Hiyo? Hiyo naikalia mwenyewe, baba. Nimpe mtu risiti zangu? Nilikuambia mashine. Mashine ya kukoboa!"

Sikuzaliwa jana, kila mtu nchi hii akisema anapeleka nafaka mashine anajulikana anakwenda wapi. Lakini siku ile ya kidevu sikuliwaza hilo; sasa nikakalia gunia bila kukaribishwa. Nikaiona akilini mashine ya kukoboa, nikaliona vumbi la pumba limesimama ndani ya banda kama ukungu wa mlimani, na kifua kikaanza kubana pale pale kwa kufikiria tu. Mimi na vumbi lile tusingefika mchana. Kibarua cha zamani kina mtu. Kodi ya chumba inakuja.

"Mama, nina pumu. Na mimi niliandika dukani. Nilikutumia ujumbe."

"Ule mrefu?"

"Ndiyo. Na ulisaini."

"Nilisaini nini?"

"Tiki zilikuwa bluu!"

Kwanza hakuelewa. Alipoelewa hakucheka, na hilo liliniumiza zaidi. Akatoa miwani kwenye droo. "Niliufungua nikiwa sina hii. Nikaona maneno mengi na Yah, nikadhani ni watu wa kanisani wanaomba mchango wa harambee. Nikasema nitausoma baadaye." Akausoma wote, midomo ikicheza. Akafika mwisho. "Umeandika dukani, kweli. Ningesoma ningekukatalia siku ile ile, na wewe usingeacha kazi."

Mteja akaja akaondoka.

"Pumu hiyo," akasema, "nje inakushika?"

"Nje nipo mzima kabisa."

"Mizani iko nje, chini ya mwembe... hapana, mwembe ulikatwa, chini ya bati. Unapima magunia, unaandika, ndani huingii. Ila mtu wa mizani simlipi kama mtu wa mashine. Laki mbili na elfu ishirini. Chakula kiko pale pale."

"Nimekubali mama."

"Usinikubalie kwa mdomo. Andika. Na Yah usiweke."

Nikaandika nikiwa juu ya gunia: "Mama, shikamoo. Tumekubaliana nitapima na kuandika magunia kwenye mizani ya nje, Mabogini, siingii ndani ya mashine. Mshahara 220,000 kwa mwezi na chakula cha mchana. Naanza kesho saa moja asubuhi. Kama nimekosea unirekebishe. Kama ni sawa, naomba unijibu."

Nikatuma. Simu yake ikalia mezani. Akavaa miwani, akasoma, na kwangu tiki zikageuka bluu. Nikasimama, nikamshukuru kwa "aika" kama anavyopenda, nikaanza kuelekea mlangoni.

"Unaenda wapi?"

"Si tumemaliza?"

"Kaa."

Nikakaa. Akaandika kwa kidole kimoja, herufi moja moja, kama anayechambua mchele. Simu yangu ikatetemeka: "Jumapili hatufanyi kazi. Mengine nimekubali."

"Umeusoma?" akaniuliza.

"Nimeusoma."

"Basi hilo ndilo jibu. Ile bluu inasema nimefungua tu."