Ndege Aliyepotea Chini ya Mkanda

Ile picha iliyoko sebuleni kwa mama, ya mimi na mdogo wangu ndani ya gari la harusi, si ya kweli. Uso ni wangu, rasta ni zangu, mkanda ni wa gari. Gauni ndilo lenye matatizo. Ni langu, ila siku ile sikulivaa. Nimelikana jambo hili karibu mwaka mzima, mbele ya mama, mbele ya shangazi zangu wawili, na mara moja mbele ya mdogo wangu mwenyewe, ambaye alikuwa amekaa ubavuni kwangu ndani ya gari hilohilo. Chuo kikuu kilinifundisha kutetea hoja. Somo la kuacha kutetea halikuwepo.

Ninaishi Mikumi, chumba na sebule, nyuma ya nyumba ya wageni iliyo kando ya barabara ya Iringa. Nilihamia hapa ndoa yangu ilipokwisha, kwa madai kwamba nahitaji utulivu wa kuandika. Utulivu wenyewe ni malori yanayopiga breki mbele ya matuta. Makala zangu husomwa na mhariri, naye sina hakika kama hufika mwisho. Kwa hiyo siku tatu kwa wiki nafanya kazi kwenye studio ya picha hatua chache kutoka kwangu. Mwenye studio ni msichana mdogo, wa umri wa kuweza kuwa mwanangu, aliyejifunza kazi kwa kuifanya. Mimi namwita bosi, yeye ananiita dada. Katika siku hizo tatu naongea na watu. Siku nne zilizobaki naongea na jiko.

Kazi yetu kubwa, ukiacha pasipoti, ni kuwavalisha watu nguo ambazo hawakuvaa. Kijana anakuja na fulana ya mpira, anatoka na suti. Mama aliyekosa sare ya harusi ya ndugu yake analeta picha ya pamoja, na tunamvalisha sare. Zamani ulikuwa unakata suti ya mtu mwingine na kuibandika shingoni kama bango. Sasa unazungushia nguo mstari kwenye kompyuta, unaandika unachotaka au unaweka picha ya kitambaa chenyewe, na programu inachora yenyewe, mikunjo na vivuli vyake.

Shida huanza pale kitu kinapopita juu ya nguo. Nywele ndefu, kamba ya mkoba, mkanda wa gari. Ukizizungushia nywele pamoja na nguo, programu inazichora upya na mteja anapewa nywele nene zilizokatwa sawasawa kama ufagio. Ukiziacha nje, rangi ya nguo ya zamani inabaki ikichungulia katikati ya nywele moja na nyingine. Kamba ya mkoba, programu huigeuza mshono, au huiacha begani na kuipoteza kifuani, huku kivuli chake kikibaki kimelala kwenye nguo bila mwenyewe. Mkanda wa gari ndio mbaya zaidi, kwa sababu unaigawa nguo vipande viwili. Programu inavichora kama nguo mbili za watu wawili waliokutana njiani.

Bosi alinifundisha dawa yake siku ya kwanza kabisa. "Dada, kwanza toa kinachopita juu. Kikate, kiweke leya yake, tabaka lake peke yake, kipumzike. Halafu chora gauni zima, hata pale mkanda ulipokuwa, kama vile hakuna mkanda. Ukishamaliza ndio unaurudisha juu, na kivuli chake. Usimwambie kompyuta akisie pande mbili. Atakuongopea."

Niliandika kwenye daftari. Nina madaftari mengi yenye mambo ambayo siyafanyi.

Sasa gauni. Mdogo wangu alipochumbiwa, mama alichagua kitenge cha sare mwenyewe, cha rangi ya udongo chenye ndege wa buluu waliopangwa kwa safu. Mama ni fundi cherehani Kilosa tangu kabla sijaanza shule. Alishona magauni ya wanawake wote wa ukoo, na kila gauni alilipima ili ndege mmoja akae mzima katikati ya kifua. Kwake, ndege kukatwa kichwa na mshono ni aibu ya fundi. Wiki mbili kabla ya harusi aliteleza bafuni akavunjika mguu, kwa hiyo hakwenda Morogoro. Alibaki Kilosa na mguu juu ya stuli, akisubiri picha.

Mimi nilikwenda na gauni la kijivu. La sare lilikuwa Mikumi, ndani ya mfuko wake. Nilijiambia nimelisahau. Ukweli ni kwamba ndoa yangu ilikuwa na miezi minane tangu izikwe, na sikutaka kuingia ukumbini nikicheza kwenye mstari wa shangazi, nikiwa na furaha ya kupimwa kwa futi. Nilipanga kukaa nyuma na kuondoka mapema, ndiyo maana hata mkoba sikuuvua begani. Mdogo wangu aliniona mlangoni wakati maharusi wanatoka. Akaniangalia kuanzia juu hadi chini, akaniambia tu, "Ingia kwenye gari, dada." Dereva akatulazimisha kufunga mikanda. Mtu akatupiga picha kupitia dirishani. Ndiyo picha pekee ya siku ile tuliyopigwa wawili, na kifuani kwangu kuna mkanda, kamba ya mkoba na rasta zilizoangukia juu ya vyote viwili.

Mama ana simu ya vitufe. Picha zote humfikia kwenye karatasi, na karatasi hutoka studio kwetu. Alisikia kuna ya gari, akanipigia akaitaka. "Ile mliyokaa wawili. Nataka nione gauni lilivyokukaa."

Ningeweza kusema ukweli. Badala yake nilifungua kompyuta.

Kamba ya mkoba niliifuta, na nilikumbuka kufuta kivuli chake. Rasta nilizikata moja moja nikaziweka leya yake, nikabadilisha hata ule ukijivu uliokuwa kwenye kingo zake. Nilifanya kazi safi, nikajipenda. Nilipofika kwenye mkanda nilikuwa nimechoka kwa kujisifu. Nikauacha palepale, nikazungushia upande wa juu, nikazungushia upande wa chini, nikaweka picha ya kitenge. Ilitoka vizuri ukiitazama kwa mbali.

Bosi alisimama nyuma yangu na chipsi mkononi. "Huyu ndege wako kaenda wapi?"

"Ndege yupi?"

"Huyu wa kifuani. Mwili huu hapa juu. Kaingia chini ya mkanda, hakutoka. Huku chini ametokea mwingine, tena anaangalia kwao."

"Nani atatazama ndege, bosi? Watu wanatazama sura."

"Wewe una digrii, mimi sibishani," akasema, akaendelea na chipsi zake.

Niliipeleka Kilosa mwenyewe, ikiwa ndani ya fremu. Shikamoo mama, marahaba mwanangu. Akavaa miwani. Sura hakuitazama kabisa. Alipeleka kidole kwenye mkanda, akafuata ndege hadi alipoishia, akashuka upande wa pili, akarudi juu. Alifanya hivyo mara tatu.

"Hapa niliunga kitambaa?" akauliza.

"Sijui, mama."

"Kifua nilikata kipande kimoja. Nakumbuka." Akarudisha kidole kwenye mkanda. "Au nakumbuka la mwingine. Umekwenda mbele za watu na ndege aliyekatwa."

"Hakuna aliyeona."

"Mimi nimeona."

Nililala pale siku mbili. Sikusikia cherehani. Kuna gauni la jirani lilikuwa mezani limekatwa nusu, nalo halikuguswa. Mdogo wangu alipokwenda kumsalimia baadaye aliikuta picha ukutani, akanipigia. "Hii umeitoa wapi?" Nikamwambia nilibadilisha nguo garini. Alisubiri kidogo, nadhani akinipa nafasi ya kucheka. Sikucheka. Tangu hapo hatukupigiana tena, tukawa tunatumiana pole za misiba kwenye kundi la familia.

Nikaamua kurekebisha. Picha, si uongo. Nilirudi kwenye faili la mwanzo nikafanya kama nilivyofundishwa: mkanda ukatoka, gauni likachorwa zima, na kwa kuwa programu haijui sheria za mama, nililipiga picha gauni lenyewe likiwa kwenye hanga, nikamlaza ndege wake halisi kifuani, nikampinda kidogo kufuata mwili. Nikarudisha mkanda na kivuli chake chembamba, na mikunjo midogo pale unapobana. Juu yake rasta. Ndege aliingia chini ya mkanda na mwili, akatoka na shingo na kichwa, kama ndege yeyote mwenye akili. Bosi akaangalia, akasema, "Sasa hapa umefanya kazi," na mimi, mtu mzima, nikafurahi hadi nikasahau kula.

Kilosa nilibadilisha picha ndani ya fremu wakati mama yuko uani. Jioni alisimama mbele yake kwa muda mrefu, akiegemea fimbo yake.

"Ndege ana kichwa," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Hakuwa nacho."

"Alikuwa nacho. Labda miwani."

Nimeandika sentensi nyingi mbaya maishani, na nyingine zimechapishwa. Hakuna niliyojutia kama hiyo ya maneno mawili. Mama alivua miwani, akaifuta kwa kanga, akaivaa tena, akaangalia. Halafu akaivua akaiweka mezani, polepole, kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima. Asubuhi alinisindikiza mpaka mlangoni, akaniambia nishike mwavuli.

Wiki mbili baadaye nilikuwa studio, nyuma ya pazia, nikiondoa kamba ya mkoba kifuani kwa muuza vitunguu, simu ikalia. Ilikuwa ni mama. Alitaka kunijulisha tu kwamba binti wa jirani atakuja Ijumaa na toroli kuchukua cherehani.

"Kwa nini, mama?"

"Macho yameisha. Naona ndege leo hawana vichwa, kesho wanavyo. Siwezi kukata nguo za watu hivyo. Binti mwenyewe anajifunza, itamsaidia."

Lori lilipita. Nikasubiri lipite, kisha likapita jingine, na nikaona kwamba Mikumi nitasubiri hadi uzee.

"Mama, macho yako ni mazima," nikasema. "Gauni sikulivaa. Nilivaa la kijivu. Lile la kwenye picha nililichora kwenye kompyuta, nikakosea ndege chini ya mkanda. Halafu nikamchora upya nikabadilisha picha ukiwa uani."

Nilisikia redio yake, na kuku, na kitu kama kiti kinavutwa.

"Lenyewe liko wapi?"

"Hapa Mikumi. Kwenye mfuko."

"Hukulivaa hata mara moja."

"Hata mara moja."

"Ndege wa kifuani yukoje?"

"Mzima, mama. Yuko katikati kabisa."

"Kwa hiyo nilikata sawa."

"Ulikata sawa."

"Basi nimwambie yule binti asije na toroli," akasema mama, na simu ikakatika. Kwa nini sikulivaa, hakuniuliza.