Shoto na Shemeji Yake Langoni

Shoto, jina alilopewa kwa kutumia mkono wa kushoto, alikuwa mtu wa koleo. Miaka tisa alisimama upande mmoja wa mashine ya kuviringisha chuma, akidaka kwa koleo nondo nyekundu ya moto inayochomoka kwa kasi na kuirudisha mdomoni mwa mashine. Upande wa pili alisimama shemeji yake, kaka wa mkewe, akidaka nondo ileile. Ila shemeji alikuwa mwajiriwa wa kudumu: glavu za ngozi, bima, likizo, na mshahara mara tatu ya wa Shoto. Shoto alikuwa kibarua. Mkataba wake ulikuwa wa miezi mitatu. Ukiisha anakaa nyumbani wiki moja, kisha anasaini mwingine kama mgeni, ili miaka yake isihesabike. Mikono aliifunga magunia.

Jambo hilo hawakuwahi kulizungumza.

Kisha chama cha wafanyakazi kikagoma kudai nyongeza ya mshahara. Vibarua hawakuwa wanachama, na nyongeza haikuwahusu. Karani wa vibarua hakuwaficha: "Asiyeingia kesho, jina lake nalifuta."

Asubuhi shemeji alikuwa langoni mwa kiwanda na wenzake, kipande cha nondo mkononi.

"Rudi nyumbani, shemeji."

"Nikirudi nafutwa. Mkipata, mtatugawia?"

"Tupate sisi kwanza. Nyinyi baadaye."

"Baadaye hiyo naisikia mwaka wa tisa."

"Msaliti! Unataka kutuvunjia mgomo?"

Shoto akapiga hatua. Nondo ikashuka. Aliinua mkono wa kushoto kujikinga; mfupa ukalia kama ukuni mkavu. Alimrukia shemeji, akamtwanga kichwa cha kidevu, akamwangusha na kumkandamiza goti kifuani, akipiga kwa mkono uliobaki mpaka taya lake likalegea na meno yakatoka na damu. Nyuma yao vibarua walikuwa wameshika mawe. Yakaanza kurushwa, na mlinzi wa lango akapoteza jicho.

Hospitalini shemeji alionyesha kadi ya bima, akapewa kitanda. Shoto alikaa benchi mpaka jioni, mkono umevimba kama mto. Mkewe alizunguka kati yao, hajui amlilie nani.

Siku ya nne mgomo ukaisha. Wa kudumu walipata nyongeza, na katika makubaliano iliandikwa kwamba hakuna mwanachama atakayefukuzwa. Shoto alikwenda kwa karani na mkono wenye plasta.

"Mkataba wako uliisha jana," karani alisema.

"Nimeumia nikija kazini kwenu!"

"Umeumia nje ya lango. Daftari la kuingia halina jina lako."

Jumapili shemeji akabisha hodi kwa kugonga tu, maana taya lilifungwa waya. Shoto alifungua, akamtazama, akamzaba ngumi ya kulia, ile dhaifu. Shemeji aliyumba, damu ikamchuruzika midomoni. Hakuinua mkono. Shoto akampiga tena.

Mke alipita katikati yao, akavuta mlango nyuma yake, akabaki nje na kaka yake.