Gauni la Mteja wa Kwanza

Tangazo nililiandika mwenyewe, kwa kalamu nene ya wino mwekundu, nikabandika nakala tatu: sokoni, stendi, na mlangoni pa mashine ya kusaga. Lilisema hivi: "Jumatatu tunafungua ushonaji mpya, nyuma ya soko, mlango wa kijani. Magauni, sketi, sare za shule. Wateja kumi wa mwanzo waje na kitambaa, ufundi ni bure. Nguo ikipwaya au ikibana irudishwe, tutairekebisha bure mpaka ikukae."

Hayo maneno ya mwisho niliyatia kwa kiburi, sifichi. Ilikuwa miaka ile ya ruksa ya biashara, mitumba imemwagwa Lushoto kama mahindi, na jirani yangu wa ukuta kwa ukuta alikuwa muuza mitumba. Alisoma tangazo langu akacheka mpaka akashika mbavu. "Dada fundi, nani ashone gauni wakati mimi nina marobota?" Nikamjibu kwamba nguo zake ni kafa Ulaya, na maiti wa Ulaya hawakupimwa kiuno cha Mshambaa. Nilikuwa na ulimi, lakini moyoni nilikuwa natetemeka. Wazazi wangu walikuwa wachuma chai, wageni milimani, na mimi mwenyewe nilishachuma misimu minne. Shangazi aliyenipa cherehani alisema wazi: Krismasi ikifika chumba hakijapata watu, cherehani inauzwa, mimi narudi shambani na kikapu mgongoni.

Jumatatu nilifika alfajiri, ukungu umeshuka hata mlango siuoni. Nikapapasa kufuli, mkono ukagusa kitu laini kilicholoa. Kifurushi kilikuwa kimefungwa kwenye komeo. Ndani mlikuwa na kitambaa kizuri cha buluu, nyuzi tatu za sufu, na kikaratasi kilichoandikwa kwa penseli: "Mteja wa kwanza. Nyekundu kifua, njano kiuno, nyeupe urefu kutoka bega. Hawezi kuja. Ikiwa tayari itundikwe nje." Jina hakuna.

Kupimwa kwa uzi si ajabu, watu wa mbali hufanya hivyo. Nilinyoosha nyuzi juu ya tepu, nikakata, nikashona gauni la mikono mirefu lenye zipu mgongoni. Nilifurahi mno, mteja wa kwanza bwana! Jioni nikalitundika kwenye msumari wa nje. Asubuhi halikuwepo.

Baada ya wiki mbili nililikuta kwenye komeo. Nyuzi mpya tatu, na maneno mawili: "Linapwaya. Lirekebishwe." Nilikasirika. Nikapima gauni, lilikuwa sawasawa na nyuzi za kwanza, maana nilikuwa nimezihifadhi. Lakini uzi mpya wa njano ulikuwa mfupi kwa vidole vitatu. Nikasema huyu aliyempima ni mzembe. Nikafumua ubavuni, nikaingiza mshono, nikaongeza dati mbili za kubana kiuno. Kitambaa kilichozidi sikukikata, nilikiacha ndani, kwa sababu fundi mwenye akili hakati asichoweza kurudisha.

Likarudi tena. Na tena. Kila mara njano imepungua, nyekundu imepungua, nyeupe haijabadilika hata kwa unene wa kucha. Hapo ndipo nywele ziliponisimama. Mtoto angekuwa na urefu mwingine. Huyu alikuwa mtu yule yule, mrefu vile vile, anaisha kwa pembeni. Nililinusa gauni. Lilinuka moshi kidogo, basi. Kwapani hapana jasho, kiwikoni hapana kunyanzi. Lilikuwa halijavaliwa hata siku moja.

Sikuweza kukaa nalo chumbani. Nililigeuza uso ukutani, lakini mgongo nao ulikuwa kama unanitazama. Mchana kweupe, cherehani inalia, nikawa nageuka kila dakika.

Jirani naye, nilipomweleza, hakuninusuru. "Gauni lako linamla mtu," alisema, sasa hacheki. "Lichome moto." Alisema vile mbele ya mama wawili walioleta vitambaa vya sare. Mama wa kwanza akakunja kitambaa chake polepole akakitia kikapuni. Wa pili hakuaga. Wiki ile sikupata mtu. Niliiona kazi ya maisha yangu ikiondoka kwa mguu, na chai ikiniita.

Nikaandika karatasi, nikaibandika kwenye gauni: "Njoo mwenyewe nikupime, la sivyo silishoni tena." Jibu lilikuja na gauni: "Hawezi. Tangazo limesema mpaka ikukae."

Basi nikaamua kumvizia. Kesho yake nililitundika bila kuligusa, na kabla hakujapambazuka sawasawa nikasimama nyuma ya mlango, nimeushika mkasi kama mjinga. Nikasikia miguu kwenye majani mabichi. Ukungu ukamtoa mtu mmoja tu, mama mzee, kanga kichwani, viatu mkononi ili visiloe. Nikauona mkasi wangu, nikaona haya.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye fundi?" Alikuwa anahema. Alikuwa ametoka kijijini Gare, kwa miguu. Akalishika gauni kiunoni. "Mbona hujapunguza?"

Nikamwuliza gauni ni la nani.

"La mwanangu. Alikuwa mjini, amerudi." Hakutaja ugonjwa, wala sikuuliza. Miaka ile tulikuwa tunajua bila kutaja. "Anataka kwenda kanisani Jumapili moja tu. Asiwe na nguo inayomwanguka mabegani, watu wakamhesabu mifupa. Kila likifika limeshampita. Nampima amelala, nafika hapa, nikirudi amepungua tena."

Nililia pale pale, na mkasi mkononi. Nikamkalisha kwenye kiti cha wateja, nikawasha pasi ya mkaa, nikafumua na kushona mbele yake. Nilipunguza zaidi ya uzi ulivyosema, vidole viwili zaidi, ili safari hii tumwahi. Jirani alisimama mlangoni, akasikia, akaenda zake. Mchana alileta fulana ya sufu, mpya kabisa, akasema mama ampelekee mgonjwa. Sijui aliwaambia nini watu wa sokoni, ila mama wa sare walirudi.

Jumapili mbili zikapita. Jumatatu iliyofuata gauni lilikuwa kwenye komeo, na nyuzi tatu. Nikaukimbilia wa njano. Ulikuwa mrefu! Mrefu kuliko zote tangu ule wa kwanza. Nilipiga kigelegele peke yangu, nikamwita jirani aje aone. "Amenenepa! Anapona!" Nikafumua ile mishono yote niliyoiingiza, kitambaa changu kilikuwa ndani kizima, nikashukuru Mungu kwamba sikukata. Nikaachia kifua, nikaachia kiuno.

Nikafikia pindo. Nikanyoosha uzi mweupe kutoka bega. Uliishia juu, shibiri nzima kabla ya pindo.

Nikapima tena. Jirani alikuwa bado amesimama, naye akauona. Mtu hunenepa, lakini hapungui urefu.

Yule mama alikuja mwenyewe jioni, hakusubiri litundikwe. Nikamwamkia, nikampa pole, akaitika. Alilivaa nyuma ya pazia, akatoka, nikapiga magoti nikamtia pini za pindo kuzunguka miguu yake yenye matope ya Gare.

"Mwanangu alisema Jumapili atakwenda," aliniambia, ananitazama juu ya kichwa. "Watu wamemwekea nafasi kwenye benchi. Nitakwenda mimi nikaikalie."