Noti Isiyo na Kidude Kwenye Kinanda

Dorine ndiye anayeandika noti za kwaya ya parokia yao hapa Goma, na hana subira na mutu anayedhani kompyuta inajua kuimba. Safari hii alimrekodi kwa simu Mama Bénita, mwimbaji aliyetoka Masisi, kisha akaiachia kompyuta iandike wimbo.

Makosa aliyatarajia, na yalikuja. Mngurumo wa pikipiki barabarani uligeuzwa noti za besi. Pale Mama aliposhuka kwa kutelezesha sauti, karatasi ilijaa noti ndogondogo kama sisimizi. Na kwa kuwa sauti yake ilipanda kidogo kidogo, beti za mwisho ziliandikwa juu kuliko za kwanza. Dorine akanyoosha yote.

Ikabaki noti moja. Kompyuta iliiandika mi katika ubeti huu, mi bemoli, yaani mi iliyoshushwa nusu toni, katika ule. Akasikiliza tena, akipima kutoka kwenye do ya Mama, noti ya msingi ya wimbo. Kila ubeti, sauti ilitua palepale, katikati ya hizo mbili.

“Chagua moja,” akasema Papa Fortunat, kiongozi wa kwaya. “Mama alikosea.”

“Mutu hakosei pahali pamoja kila mara, Papa. Ni mashine ndiyo haina pa kumuweka.”

“Hata kinanda chetu hakina noti hiyo.”

Dorine akaandika mi, akaichorea mshale wa kushuka. Kisha, kwenye mstari wa kinanda, akaweka alama ya kimya.

“Basi hapo, Papa, kinanda kinyamaze.”