Pembe Haihami Upande

Siku hizi watoto ninaowafundisha jioni wana mfano wanaouita "ng'ombe ya Madamu". Wakikutana na swali la taswira ya maji wanaulizana, ng'ombe ya Madamu inasemaje, halafu wanachagua jibu sahihi bila kuhangaika. Wazazi wananisifia. Mmoja alinisimamisha karibu na stendi akaniambia nina kipaji cha kufundisha vitu vigumu kwa mifano ya nyumbani kwetu. Nikacheka, nikashukuru, nikaondoka haraka kabla uso haujanisaliti.

Ng'ombe huyo si wangu. Mimi ni mtoto wa duka, nimezaliwa Bariadi mjini, sijawahi kuswaga hata mbuzi. Nilimpora mtoto wa miaka kumi na mitatu, baada ya kumkosesha shule.

Huyo mtoto alikuwa msichana wa darasa la saba katika shule ninayofundisha, hapa Somanda. Kwao ni Nkololo. Siku za masomo alikaa kwa shangazi yake hapa mjini, likizo alirudi kijijini kuchunga. Alikuwa mkimya, mwandiko wake mdogo sana, na hesabu alizifanya kabla sijamaliza kuziandika ubaoni. Ilipokuja habari kwamba kuna shule ya bweni ya mbali inatoa nafasi moja ya kusomeshwa bure kwa mtoto wa wilaya yetu, walimu wote tulimtaja yeye. Ilikuwa shule yenye maabara, maktaba na mabweni ya wasichana. Baba yake alikwisha kusema neno lake. Akipata nafasi, aende. Akikosa, atarudi Nkololo asome shule ya kata, asubuhi na jioni akisaidia ng'ombe. Hilo wote tulilijua, na mimi nililijua kuliko wengine kwa sababu ndimi niliyepewa kazi ya kumwandaa, yeye na wenzake sita waliotaka kujaribu.

Mtihani wenyewe haukuwa wa masomo ya kawaida tu. Ulikuwa na sehemu ya maumbo, ambayo haina maneno. Unapewa mchoro mmoja, kando yake kuna michoro minne, na unaulizwa upi kati ya hiyo minne ni ule wa kwanza ukionekana kwenye kioo, au ukionekana kwenye maji. Mimi sikuwahi kusoma mambo hayo popote. Mwalimu mkuu alinikabidhi kitabu kilichotolewa nakala ya nakala, kurasa za majibu zimenyofolewa, akasema wewe ndiye wa hisabati, pambana. Basi nikapambana.

Kioo hakikunishinda. Nilinunua kioo kidogo cha kujitazamia, nikachora bendera kwenye mlingoti, bendera ikipepea kulia, nikasimamisha kioo pembeni ya mchoro. Watoto wakaona wenyewe kwamba mlingoti umesimama vilevile, juu ni juu na chini ni chini, ila bendera imehamia kushoto. Kushoto na kulia vinabadilishana, basi. Nikawaonyesha na njia ya kushika karatasi kwenye mwanga wa dirisha na kuifunua kama ukurasa, ukasoma mchoro kwa nyuma. Siku hiyo nilitoka darasani nimevimba kichwa.

Maji ndiyo yaliyoniumbua. Nilijiambia kwamba kwenye maji kila kitu kinapinduka, kwa hiyo nikawafundisha hivi: shika karatasi, izungushe mpaka juu iwe chini, unachokiona ndicho jibu. Nikachora nyumba, nikachora mti, nikaandika A na T. Tukazungusha, yote yakakubali. Sikujiuliza kwa nini. Nyumba, mti, A na T vyote vina upande wa kushoto unaofanana na wa kulia, kwa hiyo ukivizungusha au ukivipindua kama maji yanavyovipindua, jibu linatoka lilelile. Nilichagua michoro ambayo haiwezi kumuumbua mjinga, na mjinga nilikuwa mimi.

Wiki iliyofuata nikawapa ile bendera yenyewe, safari hii kwenye maji. Sita walizungusha kama nilivyofundisha, wakachagua mlingoti uliopinduka na bendera ikielekea kushoto. Yeye peke yake alichagua mlingoti uliopinduka na bendera ikielekea kulia. Nikampigia kosa kwa kalamu nyekundu. Akanyoosha mkono.

"Madamu," alisema, "tuna ng'ombe ana pembe moja. Akija kunywa maji lamboni, mimi nikiwa ng'ambo, pembe iko upande wa mkono wangu wa kulia. Na ndani ya maji iko kulia vilevile. Kichwa kimepinduka, ila pembe haihami upande."

Lambo ni bwawa la kuchimbwa la kunyweshea mifugo, na kwetu kila mtoto wa kijijini analijua. Wenzake walikuwa wanamtazama, halafu wakanitazama mimi. Laiti ningesema ngoja tuangalie. Nje ya mlango kulikuwa na beseni la maji ya kunawa mikono, hatua tatu tu. Na kile kioo kilikuwa mezani kwangu. Ningekilaza tu chini ya mchoro, kikawa maji yenyewe, na kila mtu angeona. Badala yake damu ilinichemka. Nilimwona mjuaji. Mtoto wa Nkololo ananifundisha kazi mbele ya darasa.

"Hapa hatupimi ng'ombe," nikamwambia. "Hapa tunapima akili."

Darasa likaangua kicheko. Naona aibu kuandika kwamba kicheko kile kilinipendeza. Nikamwita mbele, nikampa karatasi, nikamwambia aizungushe wenzake wakiona na aseme bendera iko wapi. Akazungusha. Akaitazama karatasi. Nikamwambia arudie. Sikumbuki ni mara ngapi, ila nakumbuka vidole vyake vilivyoacha alama za jasho kwenye karatasi. Mwishowe akasema kwa sauti ndogo kwamba iko kushoto. Nikamrudisha kwenye dawati lake, na kuanzia hapo wenzake wakambandika jina la Lambo. Sikuwakataza.

Toka siku hiyo hakunyoosha mkono tena. Kila zoezi la maji alizungusha karatasi kama wengine, nami nikampa vema nyekundu, nikaamini kichwa kigumu kimelainika.

Mtihani ulifanyika kwenye ukumbi wa kanisa hapa mjini. Niliwasubiri nje na chupa za maji. Alipotoka nilimuuliza yale ya taswira yalikuwaje. Akasema ya kioo yalikuwa mepesi. Nikauliza ya maji. Akaniambia, huku anatazama viatu vyake, kwamba alizungusha kama nilivyosema. Nikampiga begani kumpongeza.

Siku chache baadaye mvua kubwa ilinyesha. Asubuhi nilikuwa natembea kwenda shuleni, na mbele ya duka la dawa dimbwi lilikuwa limetanda barabara nzima. Nikasimama kutafuta pa kupita. Upande wa pili kulikuwa na kibao cha duka lile, chenye mshale unaoelekea kulia. Ndani ya dimbwi kibao kilikuwa kimesimama kwa kichwa, maandishi yamepinduka, na mshale umeelekea kulia.

Nilisimama pale mpaka bodaboda ikanipigia honi. Nikageuka kulia, nikageuka kushoto, nikatazama tena. Mshale haukuhama. Ningeuzungusha kama nilivyofundisha, ungeelekea kushoto. Nilirudi nyumbani ingawa nilishachelewa kazini, nikatoa kioo kwenye mkoba, nikakilaza chini ya ile bendera. Ikapinduka ikiwa kulia. Nikaweka herufi P, ikawa vilevile, tumbo lake limebaki kulia, limeshuka chini tu. Nikakaa sakafuni.

Nilijua tangu hapo. Lakini binadamu tuna ujinga wa kutumaini. Nilijiambia labda maswali ya maji yalikuwa mawili tu. Labda yalikuwa nyumba na miti.

Karatasi yake ya matokeo ilitumwa kwangu kama mwalimu aliyewaandaa, imechanganuliwa sehemu kwa sehemu. Hesabu, kamili. Taswira za kioo, nane kwa nane. Taswira za maji, mbili kwa nane. Nafasi ilikwenda kwa mtoto wa shule nyingine aliyemzidi alama tatu. Hata mwanafunzi wa darasa la pili anaweza kuitoa hesabu hiyo. Yale mawili aliyopata bila shaka yalikuwa ya maumbo yanayofanana pande zote mbili, ambayo hata mjinga anapata.

Mwalimu mkuu akasema bahati mbaya, mtoto alijitahidi. Nikasema ndiyo, alijitahidi. Ile karatasi nikaikunja nikaiweka chini kabisa ya droo, na kwa hasira zangu zote, mimi ninayemgombeza kila mtu shuleni kuanzia wanafunzi mpaka mpishi, sikumwambia mtu yeyote hata nusu ya neno.

Nilipanga kwenda Nkololo mwenyewe. Niliyapanga maneno kabisa. Jumamosi moja nikasema mvua, nyingine nikasema mafua. Wao wakaniwahi. Jioni ya siku ya kufunga shule nilisikia hodi, nikafungua, mama yake alikuwa mlangoni na kitenge kimejaa vumbi, amebeba jogoo, na mtoto yuko nyuma yake na sanduku lake la bati. Alikuwa amekuja kumchukua kwa shangazi, wanarudi nyumbani moja kwa moja.

"Mwadila, mayu," nikamwamkia kwa Kisukuma, nikawakaribisha ndani. Hawakutaka kuingia, walikuwa wanawahi usafiri. Mama Kiswahili chake ni kidogo, alikisema polepole, akikitafuta. Alisema wameleta jogoo kunishukuru. Alisema najua umeteseka na huyu mtoto, jioni zote zile. Alisema baba yake amekasirika sana, kwamba walimu wamejitolea na yeye hakusikia alichofundishwa.

Hapo ndipo palikuwa pangu. Nilifungua kinywa. Naapa nilifungua. Nikasema, "Mama, unajua yale maswali ya maji," halafu nikaona jinsi alivyokuwa ananitazama, kwa heshima ile ambayo sijawahi kuistahili. Nikamalizia kwamba yalikuwa magumu.

Mama akatikisa kichwa, akamgeukia binti yake, akamwambia kitu kwa Kisukuma. Nilikielewa. Alimwambia aniombe radhi.

Mtoto akatua sanduku. Akapiga magoti kwenye kizingiti changu, macho chini, kama wasichana wa kwao wanavyowaamkia wakubwa. Nilitamani ainue uso anitazame kwa chuki. Nilitamani ataje ng'ombe wake. Yule mtoto aliyeona kwa macho yake mawili kitu ambacho mimi na kitabu changu hatukukiona, alikuwa ameshaacha kuyaamini macho hayo.

"Nisamehe, Madamu," alisema. "Labda sikuzungusha vizuri."

Nikamwambia haya, mwanangu, inuka. Nikampokea mama yake jogoo.