Picha ya kadi niliyoijibu kabla ya kuisoma

Binti yangu alipofika miezi minane nilimwacha kijijini Puge kwa mama yangu, nikarudi Tabora kumalizia chuo. Nilipanga chumba mtaa wa Mtendeni. Mama hajui kusoma, ila kliniki hakukosa.

Mwezi uliofuata alimwomba mwenye duka ampigie picha kadi ya mtoto, akanitumia pamoja na ujumbe wa sauti. Nilikuwa nawahi darasani. Niliikuza picha, nikaona tarehe kwenye mstari wa chanjo ya surua na rubela, ile ya miezi tisa. Nikaandika, "Iko sawa, mama." Ujumbe wa sauti sikuusikiliza.

Likizo ilipofika mtoto alikuwa na miezi kumi na moja. Nilimbeba nikaenda na mama zahanati. Muuguzi alimpima uzito, akaweka nukta kwenye kadi, akaunganisha na zilizotangulia.

"Mstari huu ulitakiwa uwe unapanda," alisema. "Miezi mitatu umelala, na leo umeshuka kidogo. Bado yuko kwenye eneo la kijani, lakini haongezeki. Aliugua?"

"Aliharisha," mama alijibu. "Uji anakula, mwepesi."

Muuguzi akampima mkono kwa utepe, akasema hajafikia utapiamlo. Uji uwe mzito, utiwe karanga na maziwa, na baada ya wiki mbili arudi kwenye mizani. Kisha akageuza kadi.

"Na surua hajachanjwa."

"Tarehe ipo," nikasema.

"Hii ya penseli ni ya kurudi. Siku ile watoto walikuwa wachache, na chupa ya chanjo ikifunguliwa haikai hadi kesho, kwa hiyo hatukuifungua. Aliyechanjwa tunamwandikia kwa wino. Bibi, kupima uzito umekuja, mbona siku ya chanjo hukurudi?"

Mama aliinamisha kichwa, akamjibu muuguzi. "Nisamehe, mwanangu. Ni uzee."

Nilikuwa nimekaa pembeni yake. Nilimwacha aombe msamaha.

Muuguzi akaeleza kwamba mtoto amekaa miezi miwili bila kinga, lakini haanzi upya. Atapata ya kwanza leo, na ya pili itabaki pale pale, miezi kumi na minane. Binti yangu alilia kwa sindano, mama akamchukua.

Tulipotoka niliufungua ule ujumbe wa mama kwenye simu, sauti chini. "Mwanangu, nisomee. Wamesema nirudi, siku nimeisahau. Imeandikwa hapo."

Mama aliisikia sauti yake. Alisimama.

"Mama, mimi ndiye niliyekosea. Sikusoma. Na mle ndani nimekuacha ulaumiwe."

Alimhamishia mtoto bega la pili. "Nilikuuliza kwa sababu unajua kusoma," alisema polepole, bila hasira. Afadhali angenigombeza.

Nilirudi zahanati peke yangu. Muuguzi alikuwa anakunja utepe. Nikamweleza kosa lilikuwa la nani. Alinitazama, akasema, "Kamwambie bibi asiache kuja."